Mkataba umerudi Kiingereza na maana nyingine: kutafuta kosa kabla ya kusaini

Una karatasi tatu mezani. Ya kwanza ni mkataba wa asili, kwa Kiingereza. Ya pili ni tafsiri yake ya Kiswahili, ambayo ndiyo itakayotiwa saini. Ya tatu ni tafsiri rejeshi: mfasiri mwingine amechukua kile Kiswahili akakirudisha Kiingereza. Umezisoma, na mahali fulani ya kwanza na ya tatu hazisemi kitu kimoja. Kosa liko wapi?

Mifano yote hapa inatoka kwenye mkataba mmoja mfupi wa kukodi jenereta. Mikataba ya namna hii haina mbwembwe za kisheria, lakini ina karibu kila mtego ambao watu hulalamikia.

Kwanza hakikisha jaribio lenyewe ni zima

Tofauti nyingi zinazoripotiwa hazitoki kwenye mkataba, zinatoka kwenye namna jaribio lilivyofanywa. Muulize mfasiri wa pili kama aliona Kiingereza cha asili. Kama alikiona, hata kwa kupitisha macho tu, kazi yake haina thamani kwa shughuli hii, kwa sababu atarudisha alichokumbuka badala ya alichosoma. Muulize pia kama alilainisha lugha. Mfasiri mzuri ana tabia ya kunyoosha sentensi iliyopinda, na hapa tunataka aiache imepinda vilevile.

Ombi moja dogo linasaidia kuliko mengine yote: mwambie aweke nyota kila mahali alipolazimika kuchagua kati ya maana mbili. Mimi huanza kusoma kwenye nyota hizo kabla sijagusa tafsiri.

Halafu, unapolinganisha, usihesabu maneno. Kama "begin" imerudi "commence", achana nayo. Kwa kila kifungu jiulize tu: ni nani, ni lazima au ni hiari, ni kitu gani, ni lini, na asipofanya kinatokea nini. Jibu likibadilika, una dalili.

Dalili ya 1: Lazima imerudi ikiwa hiari, au ikiwa utabiri tu

```
Asili:     The Owner shall replace the generator within 48 hours.
Kiswahili: Mmiliki atabadilisha jenereta ndani ya saa 48.
Imerudi:   The Owner will change the generator within 48 hours.
```

Chanzo cha kawaida ni kile kiambishi cha "-ta-". Kwa Kiswahili cha mikataba "atalipa" hubeba wajibu bila shida, kwa hiyo "shall" kurudi kama "will" si kosa moja kwa moja. Angalia kwanza kama waraka mzima una msimamo mmoja. Hatari inaanza pale kifungu cha 4 kinaposema "atalipa" na cha 9 kinasema "atalazimika kulipa". Siku ya ugomvi mtu atauliza: kama cha 9 ni lazima, hicho cha 4 ni nini? Chagua namna moja uitumie mwanzo hadi mwisho, au weka sentensi kwenye kifungu cha ufafanuzi: "Pale mkataba huu unaposema upande fulani utafanya jambo, maana yake ni kwamba upande huo unalazimika kulifanya."

Kwenye mfano huo kuna kosa la pili ambalo wengi hulipita kwa sababu macho yako kwenye "shall". Asili inamtaka mmiliki alete jenereta nyingine. "Kubadilisha" kunaweza kuwa hivyo, lakini pia kunaweza kuwa kuigeuza ileile, kubadili kipuri, hata kuihamisha. Andika "ataleta jenereta nyingine yenye uwezo uleule" na hoja imekwisha.

Chanzo cha pili ni "anaweza". Neno hili linabeba ruhusa, nguvu na uwezekano kwa pamoja. "Mmiliki anaweza kuingia eneo la kazi" inaweza kurudi kama "may" au kama "can", na ni ile ya kwanza tu inayompa haki. Andika "ana haki ya kuingia" au "anaruhusiwa kuingia".

Chanzo cha tatu hutokea mara chache, ila ndicho kibaya kuliko vyote: ukanushi wa "kutakiwa". "Mteja hatakiwi kujaza mafuta kabla ya kurudisha jenereta." Msomaji mmoja anaelewa kwamba mteja amesamehewa kujaza. Mwingine anaelewa kwamba amekatazwa. Kila mmoja atasoma kile kinachomfaa, na wote wawili wanajua Kiswahili. Dawa ni kulitoa neno: "halazimiki" kama ni msamaha, "haruhusiwi" kama ni katazo.

Simama hapa: ikiwa kifungu kinahusu pesa, adhabu au kumaliza mkataba, na wewe na upande wa pili mkikisoma kwa sauti mnakielewa tofauti, msikirekebishe wenyewe. Hamna tena tatizo la tafsiri, mna makubaliano ambayo hayajafikiwa. Hilo ni la kurudi mezani, na mwanasheria awepo.

Dalili ya 2: Anayewajibika amebadilika

Asili inasema ni mteja, tafsiri rejeshi inasema ni mmiliki, au inasema "he" na huwezi kujua ni yupi.

Chanzo kikuu ni kiambishi "a-". Kinamkubali mtu yeyote aliyetajwa kabla yake. Tazama kifungu cha amana:

```
Kiswahili: Mmiliki atamrudishia Mteja amana yake ndani ya siku 14
           baada ya kukagua jenereta, isipokuwa kama amekiuka
           kifungu cha 6.
```

Nani amekiuka? Kwa sarufi, kiima cha sentensi ni Mmiliki. Kwa akili ya kawaida ni Mteja. Mfasiri wa pili lazima achague, na akichagua kwa akili ya kawaida, Kiingereza chake kitatoka safi na utata utafichika. Ndiyo maana nataka nyota.

Sasa rudi kwenye "baada ya kukagua". Kitenzi kikiwa hivi hakina mtenda. Asili ilisema mmiliki akague, na kwamba siku 14 zianze jenereta inaporudishwa. Kiswahili kimesema siku zianze baada ya ukaguzi, bila kusema nani akague wala lini. Mmiliki asiye na haraka anaweza kukaa mwaka mzima bila kukagua, na amana ikakaa naye kihalali. Mtu anayetafuta majina tu hatakiona kitu hiki. Kinaonekana ukiuliza "lini".

```
Baada:     Mteja akirudisha jenereta, Mmiliki ataikagua ndani ya
           siku 3. Mmiliki atamrudishia Mteja amana ndani ya siku 14
           tangu siku jenereta iliporudishwa, isipokuwa kama Mteja
           amekiuka kifungu cha 6.
```

Imerudia "Mmiliki" na "Mteja" mpaka inachosha. Insha nzuri hukwepa kurudia, mkataba haukwepi. Lakini angalia zile siku 3: hazikuwamo kwenye asili. Ukiongeza kitu kama hicho, upande wa pili uambiwe, na Kiingereza nacho kiongezwe.

Chanzo cha pili ni majina ya wahusika. Kamusini, kukodi ni kuchukua kitu kwa malipo, na kukodisha ni kukitoa. Mtaani mtu aliyechukua gari la watu atakwambia "nimekodisha gari" bila kusita. Kwa hiyo "mkodishaji" kwenye mkataba anaweza kurudi kama mwenye mali kwenye ukurasa wa kwanza na kama mteja kwenye wa tatu, hasa kama mfasiri wa kwanza naye aliyumba. Kuazima ni hivyohivyo, hutumika kwa anayetoa na anayepokea. Tafuta kila mahali penye "mkodi" na "mkodishaji" kwenye faili, kisha weka majina yasiyotokana na kitenzi: Mmiliki na Mteja. Usibadilishe yote kwa mkupuo mmoja, maana kosa likiwa limeshaingia utalihamisha pamoja na jina. Pita moja moja, ukitazama asili.

Kipo kisa cha tatu, kwa mikataba yenye wadhamini wawili au zaidi. Asili huwa na "jointly and severally", Kiswahili kikaandika "kwa pamoja". Nusu imepotea. Maneno ya Kiingereza yanamruhusu mdai kumfuata mdhamini mmoja tu kwa deni lote. "Kwa pamoja" peke yake inampa kila mdhamini hoja ya kusema asubiri mwenzake. Andika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake kwa deni lote". Kama wewe ndiye mdhamini, hakikisha umeelewa maneno hayo kabla hujafurahia kwamba tafsiri imekaa sawa.

Dalili ya 3: Neno moja la Kiswahili limerudi kwa maneno matatu

Mfano maarufu ni "dhamana". Kifungu cha 5 limerudi "deposit", cha 8 "guarantee", cha 12 "warranty".

Usimlaumu mfasiri wa pili kabla hujafungua asili. Kama asili nayo ina maneno matatu tofauti, basi mfasiri wa kwanza ndiye aliyeyakunja yote kwenye neno moja, na wa pili amejitahidi kubahatisha kwa muktadha. Kiswahili ndicho kibovu. Kama asili ina neno moja tu, basi wa pili alikuwa anapamba lugha, mpigie, atakubali.

Dawa ni kugawa maneno. Pesa inayowekwa na kurudishwa iite amana. Ahadi ya mtu kulipa deni la mwenzake ibaki dhamana, na mtu huyo mdhamini. Mali mahususi inayofungwa kwa deni iite rehani. Ahadi ya kwamba kifaa kitafanya kazi kwa muda fulani iite waranti, neno ambalo kila muuza vifaa analijua. Kisha yaeleze mwanzoni mwa mkataba, kila moja kwa sentensi moja.

"Kuvunja mkataba" ni kisa cha aina hiyohiyo chenye sumu zaidi. Maneno hayo hutumika kwa aliyekiuka masharti, na pia kwa aliyeamua kuondoka kabla ya muda, kama tunavyosikia kila siku kwenye habari za mpira. Sasa soma:

```
Kiswahili: Upande utakaovunja mkataba utalipa fidia ya ada ya
           mwezi mmoja.
```

Asili ilikuwa inamwadhibu anayekiuka masharti. Lakini kifungu cha 10 cha mkataba uleule kinaruhusu upande wowote kuondoka kwa notisi ya siku 30. Mteja akitoa notisi yake vizuri, akasubiri siku zote 30, bado mmiliki anaweza kumwambia "umevunja mkataba, lipa". Kwa mkosaji tumia "kukiuka". Kwa anayeondoka wengi huandika "kusitisha", ila nalo husomeka pia kama kusimamisha kwa muda. Ukilitumia, lieleze kwamba maana yake ni kuumaliza mkataba kabisa. Halafu sema waziwazi kwamba anayeondoka kwa notisi hadaiwi fidia, ikiwa ndivyo asili ilivyotaka.

Dalili ya 4: Saa na siku hazilingani

Hapa ni kuhakiki haraka tu. Saa za Kiswahili zinatofautiana kwa sita, na mfasiri aliyechoka hunakili tarakimu. Andika saa kwa maneno, kisha kwa mfumo wa saa 24: saa kumi jioni (16:00). Tenganisha pia "ndani ya saa 4", ambayo ni muda, na "kabla ya saa 4", ambayo ni wakati wa siku.

Usiku ndio wenye matatizo. "Saa sita usiku wa tarehe 30" ni usiku wa kuamkia 30, au wa kuamkia 1? Waulize watu wazima wawili uone. Mkataba ukiisha hapo, siku nzima ya ada inaning'inia. "Hadi mwisho wa siku ya tarehe 30" haina ubishi.

Dalili ya 5: Hakuna dalili, kila kitu kimerudi sawasawa

Hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Tafsiri rejeshi inayofanana na asili neno kwa neno huweza kuwa ya mfasiri hodari. Mara nyingi zaidi maana yake ni kwamba mfasiri wa kwanza alifuata Kiingereza kipofukipofu, akatengeneza Kiswahili ambacho mtu anayejua Kiingereza anakirudisha bila kufikiri, na mtu asiyekijua haelewi, au anaelewa kingine kabisa.

```
Asili:     This Agreement takes effect when both parties have
           executed it.
Kiswahili: Mkataba huu utaanza kutumika pande zote mbili
           zitakapoutekeleza.
Imerudi:   This Agreement takes effect when both parties have
           executed it.
```

Kwa lugha ya mawakili "execute" hapo ni kutia saini. Kutekeleza ni kufanya kile kilichoahidiwa. Kwa hiyo Kiswahili kinasema mkataba utaanza baada ya pande zote kumaliza kuufanyia kazi, yaani utaanza ukiwa umekwisha. Kwenda na kurudi hakukuona kitu, kwa sababu "kutekeleza" hurudi "execute" kila mara. Ndugu yangu mmoja alikaribia kusaini sentensi kama hiyo; aliyeishtukia ni jirani yake fundi, aliyeuliza tu, "Sasa jenereta mnaleta lini, kabla ya kazi au baada?" Andika "zitakapoutia saini".

Kisa kingine cha namna hiyo ni "consideration". Kwenye mikataba ni kile kinachotolewa ili kupata kingine. Kikiandikwa "kwa kuzingatia ada ya kukodi", kinarudi vizuri kabisa, ilhali kwa Kiswahili kinasema tu kwamba watu walifikiria ada. Vunja sentensi: "Mteja atalipa ada, na kwa ada hiyo Mmiliki atampa jenereta."

Kipimo cha dalili hii si mfasiri wa tatu. Ni mtu anayeishi kwa Kiswahili, asiye na Kiingereza cha kumsaidia kubahatisha. Mpe nakala ya Kiswahili peke yake, kifungu kimoja kwa wakati, naye akueleze kwa maneno yake nani anafanya nini. Usimsahihishe. Akisita, au akikuuliza swali, weka alama hapo hata kama tafsiri rejeshi haina doa.

Dalili ya 6: Umerekebisha, lakini tofauti ipo palepale

Chanzo cha kwanza kinachekesha: watu hurekebisha tafsiri rejeshi. Wanaikuta ina kosa, wanaisahihisha, wanafurahi kwamba sasa inafanana na asili. Ile karatasi ni kipimajoto. Ukikichovya kwenye maji baridi homa haiondoki. Kinachorekebishwa ni Kiswahili, na baadaye vifungu vilivyobadilika virudishwe tena na mtu mwingine, kwa sababu mfasiri wa pili sasa anajua unachotafuta.

Chanzo cha pili ni kwamba asili yenyewe ina utata, na wafasiri wote wawili wameubeba kwa uaminifu. Hapo hakuna Kiswahili kitakachoutoa. Rudi kwa aliyeandika mkataba akuambie alikusudia nini, kwa maandishi.

Mahali pa kuacha kabisa na kumwita mtaalamu

Kabla ya yote hayo kuwa na uzito, tafuta kifungu kinachosema ni nakala ipi itashika ikitokea tofauti. Huwa nyuma kabisa, karibu na saini, na mara nyingi hakipo. Kikisema Kiingereza ndicho kitashika, basi Kiswahili ulichosoma na kukielewa hakikulindi, na kila tofauti uliyoipata ni umbali kati ya unachodhani umesaini na ulichosaini. Kikisema nakala zote zina nguvu sawa, kila tofauti ni kesi inayosubiri. Usidhani pia kwamba Kiswahili ni nakala ya heshima tu: Tanzania ilirekebisha sheria mwaka 2021 kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama, na Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Kama kifungu hicho hakipo, au kinapingana na ulichoahidiwa kwa mdomo, acha kulinganisha na mpeleke wakili karatasi zote tatu, pamoja na nyota za mfasiri. Fanya hivyo pia mkataba ukigusa ardhi, rehani ya nyumba, au udhamini wa deni la mtu mwingine, hata kama hukuona dalili hata moja. Na upande wa pili ukikubali marekebisho kwa simu tu, huku ukikushinikiza usaini nakala ya zamani "tutarekebisha baadaye", weka kalamu chini mpaka nakala mpya ifike, kila ukurasa uliobadilika ukiwa na saini fupi za pande zote mbili.